Nyuki na Sawa Zake

Wodi ya watoto njiti ilikuwa mwisho wa korido ya ghorofa ya pili, nyuma ya mlango wa kioo cha ukungu. Hata mtu aliyepita nje bila kuingia angeweza kujua kama muuguzi waliyemwita Nyuki yupo zamu. Akiwepo, mvumo mdogo ulipenya mlangoni, wimbo usio na maneno wala mwisho, unaopanda na kushuka kufuatana na anachofanya. Akimbadilisha mtoto nepi ulikuwa mwepesi. Akiingiza mrija wa kulishia puani kwa kiumbe asiyezidi ukubwa wa kiganja, ulishuka hadi karibu usisikike, kisha ukarudi mrija ukishafika mahali pake. Mwenyewe hakujua kama anavuma. Walipomtania alikana, na akiwa bado anakana akaanza kuvuma tena.

Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye mikono ya moto. Kina mama waliojifungua kabla ya wakati walifika wodini wamejaa woga, wanaogopa hata kuwagusa watoto wao. Nyuki ndiye aliyewafundisha kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wakafungwa khanga pamoja, joto la mama likafanya kazi ya mashine. "Mshike mwanao," angewaambia. "Hakutengenezwa kwa kioo. Ana haraka tu ya kuja kukuona."

Wodi ile aliipenda kama mtu anavyopenda nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Nyumbani alikuwa na mume, fundi wa kuchomea vyuma, na mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa shule ya bweni. Mumewe alizoea kusema kwamba nyumba hii ina wake wawili, na wodi ndiyo bi mkubwa.

Hakuwa mgeni wa magomvi ya kazini. Mwaka mmoja kabla ya yaliyomkuta, alikosana vibaya na muuguzi mwenzake, mrefu, mkavu wa maneno, ambaye wodi nzima ilimwita Chuma. Chuma alichelewa kumpokea zamu, leo, kesho, keshokutwa. Nyuki akavumilia mpaka uvumilivu ukamtoka, kisha akafanya kosa ambalo wengi hulifanya: badala ya kumwambia mwenyewe, akawaambia wengine. Maneno yakatembea, yakanenepa njiani, yakamfikia Chuma yakiwa na mbawa na pembe. Naye akajibu kwa njia yake. Akaacha kumsemesha. Zamu ikibadilishwa, Chuma alivua aproni akaondoka, na Nyuki akabaki kubahatisha nani amelishwa na nani amebadilishiwa dawa. Nao ni watoto ambao kosa dogo kwao si dogo.

Metroni aliliona. Akawaita mmoja mmoja, akawauliza kama wangekubali kukaa na msuluhishi wa hospitali. Hakuwalazimisha. Wote wawili wakasema watajaribu.

Msuluhishi alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba, aliyepata mafunzo ya kazi hiyo baada ya miaka mingi ya kupanga zamu za watu wanaochukiana. Walimwita Mama Viti, kwa kuwa kila chumba alichoingia alianza kwa kuvihamisha viti. Siku ile aliiondoa meza katikati, akaviweka viti vitatu kwa umbali ulio sawa, akajaribu kila kimoja kama kinayumba.

"Nina mambo machache," akasema. "Mmekuja kwa hiari. Anayetaka kusimama akaondoka, asimame, na hataulizwa. Mtakayosema humu sitayatoa nje. Mimi si hakimu, sitasema nani mwenye haki. Mmoja akizungumza, mwingine anasikiliza mpaka mwisho. Nani aanze?"

Nyuki akaanza, na akizungumza Nyuki huzungumza. Alitoa yote. Alisema anavyosimama mlangoni amevaa koti, miguu inawaka moto, akitazama saa. Alisema alivyoumia kusikia wenzake wanamwita mke wa wodi. Chuma akamsikiliza amefumbata mikono. Ilipofika zamu yake alisema, akitazama sakafu, kwamba asubuhi humpeleka mama yake kusafishwa figo, na foleni haina huruma. Hakutaka wodi ijue. Hakutaka kuangaliwa kwa jicho la pole.

"Ungeniambia," Nyuki akasema.

"Kwa ulimi wako huo?"

Nyuki akacheka, cheko la mtu aliyeshikwa pabaya, na Chuma naye akashindwa kujizuia. Wakapanga: metroni aombwe kusogeza saa za Chuma siku za mama yake, na kupokeana zamu kufanyike kitanda kwa kitanda, kwa mdomo, hata kama wamenuniana. Hakuna aliyewaandikia. Yalikuwa maneno yao wenyewe.

Tangu hapo waliganda kama kucha na kidole. Walipokezana watoto kitanda hadi kitanda, Chuma akitoa taarifa kwa ukavu wake, "Huyu ameongezeka, yule ana kiburi leo," Nyuki akivuma. Mara nyingi zamu iliisha na bado wamesimama pale dirishani, mmoja amevaa koti, mwingine aproni, hawataki kuachana.

Ndiyo maana Nyuki alikuwa mtu wa kuamini usuluhishi. Na ndiyo maana yaliyofuata yalimchanganya.

Daktari mkuu wa wodi alikuwa bingwa pekee wa watoto wachanga katika hospitali ile. Mikono yake ilikuwa na ujuzi ambao Nyuki mwenyewe aliuheshimu. Alikuwa na ulimi pia, na kuna siku ulimi ulikuwa hautoshi. Aliwahi kumrushia faili muuguzi kijana. Aliwahi kumvuta mwingine sikio, kama mtoto wa shule, mbele ya wanafunzi. Wale wawili waliomba uhamisho, wakaondoka kimyakimya, na ikasemwa kwamba hawakuwa na moyo wa kazi.

Asubuhi moja, wakati wa kupokezana zamu, daktari aliingia akitokea kwenye wodi nyingine, akaelekea moja kwa moja kwa mtoto aliyekuwa na homa, akanyoosha mkono. Nyuki akamwambia kwa sauti ya chini, "Daktari, samahani, mikono." Ilikuwa kanuni ya wodi, imebandikwa juu ya sinki: hakuna kumgusa mtoto kabla ya kunawa.

Daktari akageuka. Akamshika Nyuki mkono juu ya kiwiko, akamsukuma nyuma hadi mgongo ukagonga kabati la dawa, akamwekea uso karibu. "Wewe ndiye wa kunifundisha mimi kazi?" Chuma alikuwa kitanda cha pili, na wauguzi wengine wa zamu wakainamisha vichwa. Mama wa mtoto alikuwa amekaa pale pale, khanga kifuani, macho yamemtoka. Daktari akamwachia, akaenda kunawa mikono, akarudi, akampima mtoto kwa upole kama vile hakuna kilichotokea.

Alama za vidole zilibaki mkononi siku kadhaa, zikageuka kutoka nyekundu kuwa za kijani. Nyuki aliandika malalamiko, akayapeleka kwa metroni, metroni akayapandisha ofisi ya utumishi. Kesho yake akaambiwa ahamie chumba cha vidonda, ghorofa ya chini. "Kwa usalama wako," mkuu wa utumishi akamwambia. "Mpaka mambo yatulie."

Daktari alibaki wodini.

Chumba cha vidonda kilikuwa na dirisha moja linalotazama ukuta. Watu walikuja na miguu yao yenye vidonda sugu, wakasafishwa, wakafungwa bandeji, wakaenda. Nyuki aliifanya kazi vizuri, maana hakujua kuifanya vibaya. Lakini hakuvuma. Mgonjwa mmoja mzee, aliyewahi kusikia sifa zake, alimuuliza mbona Nyuki mwenyewe hana sauti. Akatabasamu tu.

Alichokikosa hakikuwa na jina moja. Alikosa harufu ya maziwa ya mama na sabuni. Alikosa ule uzito mdogo wa kichwa kwenye kiganja, mwepesi mno hata mkono unatia shaka kama umeshika kitu. Alikosa mlio wa mashine unaobadilika, na namna mwili wake ulivyokuwa umesimama kabla akili haijajua kwa nini. Kulikuwa na pacha, msichana na mvulana, aliowaacha wakiwa wameanza kunyonya. Kila mchana alipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, akatembea mpaka mlango wa kioo cha ukungu, akasimama. Akaona vivuli vinapita. Akashuka.

Chuma alimletea habari wakati wa chai. "Msichana ameongezeka. Mvulana anamwonea wivu."

"Anatema?"

"Kidogo."

"Mlaze ubavu wa kulia kwanza, halafu..."

"Najua, Nyuki."

"Najua unajua."

Barua haikuja, simu haikupigwa, na malalamiko yakawa kama jiwe lililotupwa kwenye maji mengi. Kisha mkuu wa utumishi akamwita. Alikuwa mtu mpole wa sura, mwenye kusugua viganja anapozungumza. Akamwambia hospitali ni familia moja, na ya familia humalizwa ndani. Bingwa ni mmoja tu. Akienda, watoto watapelekwa wapi? Si Nyuki mwenyewe alikwisha kufaidika na usuluhishi? "Tukae tuyamalize. Na unajua, yale masomo ya uuguzi wa watoto wachanga uliyoyaomba, fomu inahitaji sahihi ya daktari mkuu. Mambo yakiisha, sioni kwa nini asikusainie. Na wodini utarudi."

Utarudi. Neno lile likamwingia Nyuki kama maji kwa mwenye kiu. Akasema sawa kabla hajaulizwa swali.

Nyumbani mumewe alizima mashine ya kuchomea, akavua miwani myeusi, akamsikiliza amekaa juu ya chuma alichokuwa akikiunga.

"Unataka nini, mama?"

"Nataka kurudi."

"Basi nenda kayamalize urudi kwa watoto wako. Mimi sipendi kukuona hivi. Unakula kama ndege." Kisha, baada ya kufikiri, akaongeza, "Ila huyo mtu nikikutana naye barabarani sijui."

"Wewe usikutane naye."

Siku ya kikao alivaa sare aliyoipiga pasi mara mbili. Chumba kilikuwa kile kile alichokaa na Chuma, lakini meza ilikuwa imerudi katikati. Daktari alikuwa upande mmoja, na kando yake mkuu wa utumishi. Upande wa pili palikuwa na kiti kimoja. Mbele ya kiti, karatasi iliyokwisha pigwa chapa, kalamu juu yake.

Mama Viti aliingia, akasimama mlangoni, akavaa miwani.

"Niliomba kuonana na kila mmoja peke yake kabla ya leo," akasema. "Sikujibiwa."

"Muda, mama," mkuu wa utumishi akajibu. "Haya ni madogo, yamekwisha karibu yote."

"Na wewe unakaa kama nani?"

"Kama shahidi tu."

Mama Viti akamwangalia Nyuki. "Hukuambiwa kwamba unaweza kuja na mtu? Wa chama cha wafanyakazi, au mwenzako?"

Nyuki akatikisa kichwa. Mama Viti hakuhamisha kiti chochote. Akakaa, akasema maneno yake yale yale kuhusu hiari na siri, na kwamba yeye si hakimu. Daktari akaanza. Alizungumza vizuri, kwa sauti ya kuchoka ya mtu mwenye mzigo mkubwa. Wodi ina presha. Yeye humchukulia Sista kama mdogo wake. Kama alimgusa kwa namna iliyomkwaza, basi ilikuwa ni kutoelewana, na yuko tayari kusahau yaliyopita.

"Sawa," Nyuki akasema.

Mkuu wa utumishi akasoma karatasi. Sista anaondoa malalamiko. Pande zote mbili hazitalizungumzia jambo hili kwa mtu yeyote, ndani wala nje. Sista atarejea kwenye wodi. Daktari atamuunga mkono katika maombi ya masomo.

"Sawa."

"Una la kuongeza?" Mama Viti akamuuliza.

"Hapana. Sawa tu."

Mkono wa Nyuki ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye kalamu. Macho yake hayakuwa kwenye karatasi. Yalikuwa kwa vidole vya daktari, vilivyolala mezani, na kila vilipocheza, bega lake lilirudi nyuma kidogo, bila yeye kujua.

"Tupumzike," Mama Viti akasema. "Nitaonana na Sista peke yake. Baadaye na Daktari."

"Kuna haja gani?" mkuu wa utumishi akauliza.

"Ndiyo utaratibu."

Akampeleka chumba kidogo cha kuhifadhia mashuka, akafunga mlango. Wakakaa juu ya marobota, magoti yakikaribia kugusana.

"Mara ile nilishindwa kukunyamazisha," Mama Viti akasema. "Leo umesema sawa, sawa, sawa. Umemuogopa?"

Nyuki akatazama mikono yake. "Nataka kurudi wodini, mama. Mengine sijali."

"Nakuuliza jambo moja. Tuseme wodi yako unayo tayari, hakuna wa kukuondoa. Masomo yako unayo. Halafu uletewe karatasi inayokutaka unyamaze kuhusu kilichotokea. Ungesaini?"

Nyuki akafungua mdomo. Ile sawa yake haikutoka. Badala yake yakatoka machozi, akayafuta kwa mgongo wa mkono, kwa hasira.

"Nisingesaini."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu atafanya tena. Yule binti mpya wa zamu ya mchana, ana miezi michache tu kazini. Nikinyamaza mimi niliyezoea, yeye atasema nini? Na kabla yangu, wale wawili walioondoka..." Akafuta tena macho. "Walikuwepo wengine."

Mama Viti akavua miwani, akaiacha ining'inie.

"Wewe na Chuma mlikuwa sawa kwa sawa. Hakuna aliyeshika mkate wa mwenzake. Kila mmoja alikuwa na kosa lake na kila mmoja alikuwa na la kutoa. Hapo mtu kama mimi ana kazi. Lakini huyu anashika wodi yako, masomo yako, na ripoti yako ya kila mwaka, na unatoa kitu kimoja tu, nacho ni ukimya wako. Hayo si mapatano. Na kusukumwa kabatini si kutoelewana. Hilo linatakiwa lichunguzwe na mtu mwenye uwezo wa kusema lilitokea au halikutokea. Mimi sina uwezo huo. Kazi yangu hainiruhusu."

"Kwa hiyo unakataa?" Nyuki akashtuka. "Mama, mimi nimekubali! Usinifungie mlango. Wao wamesema nitarudi!"

"Kuendelea na malalamiko au kuyaacha, huo ni uamuzi wako, siuingilii. Ukitaka kuyaondoa, unaweza kwenda kuyaondoa hata leo. Ila kukaa kama msuluhishi wa karatasi ile, huo ni uamuzi wangu, nami sikai."

Nyuki akamchukia kwa dakika ile. Alimchukia kama anavyochukiwa mtu anayekuamsha katikati ya ndoto tamu.

Mama Viti hakuenda kuonana na daktari faraghani. Wakarudi chumbani, naye hakukaa. "Nimekifunga kikao," akasema. "Niliyoyasikia faraghani sitayasema. Jambo hili halifai kusuluhishwa kwa sasa. Malalamiko yapo, yaende kwenye njia yake. Na kusimama kwa kikao kusihesabiwe kuwa kosa la mtu yeyote."

"Wewe umeajiriwa usuluhishe!" mkuu wa utumishi akasema, viganja vimeacha kusuguana.

"Ndiyo. Nikisuluhisha hili, kesho hakuna atakayeniamini kwa lile linalosuluhishika."

Daktari aliinuka, akapita karibu na Nyuki. Nyuki akajikuta amekwisha kusogea ukutani.

Ni kule kusogea kulikomkaa rohoni. Alipokuwa chumba cha vidonda jioni ile, akifunga bandeji mguu wa mtu, aliona wazi kwamba angerudi wodini akiwa mtu wa kusogea ukutani. Angewafundisha kina mama kushika watoto bila woga, huku yeye mwenyewe anabana pumzi kila mlango unapofunguka. Wodi aliyoitamani haikuwa ile ambayo karatasi ilimpa.

Kesho yake alikwenda kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Hakuyaondoa malalamiko. Aliomba mambo mawili: yachunguzwe na watu wasio wa wodi ile, na kama lazima mtu ahamishwe wakati wa uchunguzi, asiwe yeye.

La kwanza wakuu wa hospitali walilikubali baada ya mvutano. La pili walilipiga danadana wiki nyingi.

Hakuna aliyemwambia mapema jinsi kungoja kunavyomla mtu. Wauguzi aliokula nao miaka yote wakaanza kupita upande wa pili wa korido. Mmoja akamwambia usoni, "Bingwa akiondoka, damu ya watoto iko juu yako." Hilo lilimchoma mpaka ndani, maana alikuwa amekwisha jiambia mwenyewe, tena kwa maneno makali zaidi. Pacha wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Chuma alimpa taarifa dirishani, chumba cha vidonda, na Nyuki akakimbilia lango la hospitali na aproni yake. Akamkuta mama yao anaingia kwenye gari. Mama hakumtambua Nyuki. Na kwa nini amtambue, alikuwa amemwona siku chache tu, kipindi cha giza lake. Nyuki akawatazama watoto, mashavu yamejaa, akasema, "Wazuri," akarudi ndani.

Chuma alitoa ushahidi. Aliogopa, alikiri kwa Nyuki, lakini alikwenda, akasema kwa ukavu wake alichokiona, bila kuongeza chumvi. Muuguzi aliyevutwa sikio alifika pia, kutoka hospitali aliyohamia. Yule wa faili hakutaka kuja. Alisema ameshasahau, na hakuna aliyemlaumu. Mama wa mtoto mwenye homa alipatikana, akaeleza kuhusu kabati, na mkono, na ukimya uliofuata.

Matokeo hayakuwa ngoma na vigelegele. Ilithibitishwa kwamba daktari alimshika na kumsukuma. Akapewa onyo la maandishi, akavuliwa ukuu wa wodi na kuzuiwa kusimamia au kutathmini wauguzi. Aliendelea kutibu, kwa saa maalumu, daktari mwingine akiwepo. Wako waliosema ni kidogo mno. Wako waliosema ni kingi. Mkuu wa utumishi alibaki ofisini kwake, akisugua viganja. Masomo ya mwaka ule yalikuwa yamepita.

Nyuki akarudishwa wodini.

Siku ya kwanza hakuna aliyemsalimia isipokuwa metroni na kina mama ambao hawakujua chochote. Watoto wote walikuwa wapya. Wenzake walizungumza naye kwa lugha ya kazi, nepi, chupa, dawa, kisha wakageuka. Alivumilia juma zima, halafu akashuka mwenyewe mpaka ofisi ya Mama Viti.

"Safari hii nataka usuluhishi," akasema.

Mama Viti akacheka kwa mara ya kwanza. "Na nani?"

"Na wenzangu. Hatujapigana, hatuko juu wala chini. Tumeumizana tu."

Mama Viti alimwona kila mmoja kwanza, peke yake. Wawili hawakutaka kuja, wakaachwa. Wengine walikuja, na viti vikapangwa duara. Yule aliyesema habari ya damu akalia kabla ya kumaliza sentensi. Alikuwa akiogopa, akasema, kila mashine ilipolia na bingwa hayupo, na woga ule hakuwa na pa kuutua, akautua juu ya Nyuki. Nyuki naye akasema kwamba aliwaona wote siku ile ya kabati, wale waliokuwa zamu, walivyoinamisha vichwa. Hakuna aliyejitetea. Wakapatana kidogo tu: kuulizana ana kwa ana, na kumwambia yeyote anayekuja na mikono michafu, wote kwa sauti moja, asiachiwe mtu mmoja. Wengine walirudi kuwa marafiki. Wengine walirudi kuwa watu wa salamu.

Lakini Chuma hakuwepo kwenye duara lile. Mama yake alikuwa amezidiwa, na mji wenye matibabu bora ulikuwa mbali. Aliomba uhamisho, akapata, akaondoka siku chache kabla ya Nyuki kurudi wodini. Waliagana kituoni, Chuma amebeba mto wa mama yake kwapani, hajui pa kuuweka.

"Wodi ndiyo hiyo, umeipata," Chuma akasema.

"Nilitaka na wewe uwemo."

"Una tamaa wewe," Chuma akamjibu, akageuza uso upande wa pili mpaka gari lilipoondoka.

Sasa anayempokea Nyuki zamu ni yule binti wa mchana. Ni mwepesi, ana adabu, anawahi. Wanapita kitanda kwa kitanda, Nyuki anamweleza nani amelishwa, nani ametema, nani anahitaji kuangaliwa rangi ya midomo. Binti anaitikia, "Sawa, dada." Nyuki anasimama. "Kuna usilolielewa, uliza. Kuna usilolitaka, sema." Binti anafikiri, anauliza swali, zuri. Kisha taarifa zinaisha, na Nyuki anakawia dirishani na koti lake mkononi. Hana wa kukawia naye. Kitanda cha pembeni mtoto anaanza kulia, kilio chembamba kama cha paka, na mama yake anatazama huku na huku. Nyuki anatundika koti, anakwenda kunawa.